Kona nne za mraba: historia ya swali la sehemu iliyotiwa kivuli

Likizo ya Desemba iliyopita mpwa wangu, yuko kidato cha kwanza, aliniletea daftari akiwa amenuna. Kazi yenyewe ilikuwa ile tunayoijua wote. Kuna mraba wenye upande wa sentimita 14. Ndani yake kuna duara linalogusa pande zote nne. Kona nne zilizobaki nje ya duara zimetiwa kivuli. Tafuta eneo la sehemu iliyotiwa kivuli, tumia π = 22/7.

Yeye alichukua kalkuleta yangu, akabonyeza kitufe cha pai, akapata 42.06. Mwalimu akaweka mkasi mwekundu na kuandika pembeni: 42.

"Mjomba, kalkuleta yako ni mbovu?"

Kalkuleta haikuwa mbovu. Kumjibu vizuri, hata hivyo, kulinichukua jioni nzima, kwa sababu swali hili lina umri wa zaidi ya miaka 3,500. Kila waliolishika kabla yetu walipambana na zile kona nne, na ukifuata jinsi walivyozipima utaona 42 imetoka wapi, na 42.06 ina makosa gani, kama inayo.

Kwanza, hesabu yenyewe

Tuifanye kwa haraka ili tuwe pamoja. Mraba wa upande wa sm 14 una eneo la 14 × 14 = 196. Duara linagusa pande zote, kwa hiyo kipenyo chake ni sawa na upande, yaani 14, na nusu kipenyo ni 7. Eneo la duara ni 22/7 × 7 × 7 = 154. Kona ni 196 − 154 = 42, kwa sentimita za mraba.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua 14 kama nusu kipenyo. Utapata duara la 616 ndani ya mraba wa 196, jambo ambalo haliwezekani kwa macho tu. Ukaguzi mwingine wa haraka ni huu: kona nne kwa pamoja huwa ni zaidi kidogo ya moja ya tano ya mraba, kama asilimia 21.5. Haijalishi mraba ni wa upande gani. Ukipata nusu ya mraba, au moja ya kumi, rudi mwanzo.

Hiyo asilimia 21.5 ishike. Ndiyo tutakayoitumia kuwapima wakubwa wetu wa zamani.

Misri: mraba wa 9

Mnamo mwaka 1550 hivi KK, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmose alinakili kitabu cha hesabu kwenye mafunjo. Mwenyewe anasema ananakili maandishi ya zamani zaidi. Mafunjo hayo leo yanaitwa ya Rhind, kwa jina la Mskoti aliyeyanunua Luxor mwaka 1858, na sehemu kubwa iko Makumbusho ya Uingereza, London.

Swali la 48 katika mafunjo hayo ni fupi kuliko yote yanayolizunguka. Halina maelezo ya maneno, lina mchoro na hesabu mbili tu. Mchoro ni mraba wenye umbo jingine ndani yake. Hesabu ya kwanza inazidisha 8 kwa 8 na kupata 64. Ya pili inazidisha 9 kwa 9 na kupata 81. Basi.

Maana yake inaeleweka ukiisoma pamoja na swali la 50, linalouliza eneo la shamba la duara lenye kipenyo cha khet 9. Khet ilikuwa kipimo cha mashamba, dhiraa 100, kama mita 52. Kanuni yao ilikuwa hivi: ondoa moja ya tisa ya kipenyo, kisha kinachobaki kizidishe kwa chenyewe. Kipenyo 9, ondoa 1, inabaki 8, na 8 × 8 ni 64. Kwa hiyo swali la 48 linalinganisha duara la kipenyo 9 na mraba unaolizunguka: duara 64, mraba 81. Kona ni 17.

Walifikaje kwenye 64? Ahmose hakuandika, lakini lile umbo la ndani ya mraba limewafanya wanahistoria wengi wadhani ni pembenane. Hebu jaribu mwenyewe. Chukua mraba wa 9, kila upande ugawe mara tatu, vipande vya 3. Kata kila kona kwa mstari mshazari unaounganisha alama za karibu. Kila kona unayoikata ni pembetatu yenye pande za 3 na 3, eneo lake 4.5. Kona nne ni 18. Inabaki pembenane ya 81 − 18 = 63. Duara na hiyo pembenane vinakaribiana sana kwa macho, na 63 iko jirani kabisa na 64, ambayo ina uzuri wa kuwa 8 × 8. Ni dhana tu, lakini inaelekea ukweli.

Tuwapime sasa. Tukitumia kanuni yao kwenye mraba wetu wa 14, duara linakuwa 154.86 badala ya 153.94, ambalo ndilo jibu la pai kamili. Kosa ni chini ya asilimia moja, karibu 0.6. Safi sana. Lakini angalia kona: wao wanapata 41.14, na jibu sahihi ni 42.06. Hapo kosa limekuwa asilimia 2.2.

Kumbe! Kosa ni lilelile, 0.92 ya sentimita za mraba. Limehama tu. Ulichokiongeza kwenye duara umekinyang'anya kwenye kona, na kwa kuwa kona ni ndogo kuliko duara, zinaumia zaidi. Ukiigawa asilimia 78.5 ya duara kwa asilimia 21.5 ya kona unapata kama 3.66. Kwa hiyo kosa lolote la asilimia unalofanya kwenye duara, kwenye kona linatokea likiwa kubwa mara tatu na zaidi ya nusu.

Ndiyo maana sehemu iliyotiwa kivuli ni mtihani mkali kwa pai yako. Duara linaweza kusamehe, ila kona hazisamehi.

Babeli: kibao chenye maswali tupu

Katika jumba hilohilo la London kuna kibao cha udongo chenye namba BM 15285. Kilitoka Babeli ya kale, kati ya mwaka 1800 na 1600 KK hivi, na ukikiona utadhani ni karatasi ya mtihani ya juzi. Kina maswali karibu arobaini, kila moja na mchoro wake, na karibu yote yanaanza kwa namna moja: kuna mraba, ndani yake nimechora hiki na kile, maeneo yake ni yapi? Ndani ya miraba hiyo kuna miraba midogo, pembetatu, maduara, na maumbo yaliyobaki katikati. Majibu hayapo. Ni maswali matupu yaliyopangwa kutoka rahisi kwenda magumu, kama mwalimu anavyopanga zoezi.

Upande wa mraba katika maswali hayo ni nindan 60. Nindan moja ni kama mita 6, kwa hiyo ni mraba wa mita 360, lakini sidhani kuna aliyejali ukubwa huo. Waliichagua 60 kwa sababu wao walihesabu kwa sitini kama sisi tunavyohesabu kwa kumi. Upande wa 60 kwao ulikuwa kama upande wa 10 kwetu, namba isiyosumbua.

Eneo la duara walilipata kwa njia nyingine kabisa. Hawakuanza na nusu kipenyo, walianza na mzingo. Kanuni yao: zidisha mzingo kwa wenyewe, kisha gawanya kwa 12. Na mzingo waliuhesabu kuwa mara tatu ya kipenyo. Yaani pai yao ya kila siku ilikuwa 3.

Ukiwa na mraba wa 60 na duara ndani yake, mzingo ni 180, ukiuzidisha kwa wenyewe ni 32,400, ukigawanya kwa 12 ni 2,700. Mraba mzima ni 3,600. Kona ni 900, robo kamili ya mraba. Kwa lugha yao ya sitini, duara linachukua 45 na kona zinachukua 15. Namba nzuri, zinamwaga hesabu bila masalio.

Lakini robo ni asilimia 25, na sisi tunajua ukweli ni 21.5. Kwenye mraba wa 14 wangepata kona za 49 badala ya 42.06. Duara lao limekosea kwa asilimia 4.5, kona zao zimekosea kwa asilimia 16.5. Hapo ukiwa unanunua bati la kufunika kona hizo, utanunua la ziada moja katika kila saba hivi.

Kitu kilichonivutia zaidi kwenye hesabu zao ni kwamba zile kona zilikuwa na jina. Chukua zile kona nne, zikate, kisha uzigeuze ili ncha zake kali za mraba zikutane katikati. Unapata umbo moja kama almasi yenye pande nne zilizobonyea ndani. Ndilo tundu linalobaki ukiweka visahani vinne vya duara vigusane. Wababeli waliliita apsamikku, wakaliweka kwenye orodha zao za namba za kukariri: ukijua urefu wa tao moja, lizidishe kwa lenyewe, kisha chukua 4/9 ya jibu.

Tuikague. Tao ni robo ya mzingo. Tuseme tao ni 3. Mzingo wote ni 12, kipenyo kwa pai ya 3 ni 4. Mraba wa 4 ni 16, duara ni 12 × 12 ÷ 12 = 12, tundu ni 16 − 12 = 4. Na kwa kanuni yao: 3 × 3 × 4/9 = 4. Inakubali kabisa. Yaani kanuni ya "mraba toa duara" walishaifupisha kuwa namba moja ya kukariri, karibu miaka 4,000 iliyopita.

Hipokrate: kivuli kisichohitaji pai

Tuvuke bahari hadi Ugiriki, karne ya 5 KK. Kulikuwa na mtu aitwaye Hipokrate wa Kiosi, siyo yule tabibu. Yeye aliuliza swali la aina nyingine: je, kuna sehemu ya kivuli yenye kingo za mviringo ambayo eneo lake tunaweza kulipata kamili, bila pai yoyote?

Iko. Chukua mraba wetu uleule wa 14, lakini sasa chora duara nje yake, linalopita kwenye ncha zake nne. Kisha juu ya kila upande wa mraba chora nusu duara kuelekea nje. Nusu duara hizo zinatokeza nje ya duara kubwa, na sehemu zinazotokeza zina umbo la mwezi mwandamo. Tia kivuli miezi hiyo minne. Eneo lake ni kiasi gani?

Hesabu kila kitu. Mraba pamoja na nusu duara nne ndiyo picha nzima. Nusu duara nne zenye nusu kipenyo 7 ni sawa na maduara mawili kamili, yaani 2 × 49π = 98π. Picha nzima ni 196 + 98π. Sasa toa duara kubwa. Kipenyo chake ni ulalo wa mraba, na mraba wa ulalo huo ni 196 + 196 = 392. Mraba wa nusu kipenyo ni robo ya hapo, 98. Eneo lake ni 98π.

Kwa hiyo miezi ni 196 + 98π − 98π = 196. Pai imekufa. Miezi minne ni sawa kabisa na mraba wenyewe, hata kama umekosea pai kiasi gani.

Unaweza kuona kwa nini watu walipata tumaini. Kama mwezi unapimika kwa namba kamili, kwa nini isiwe kona? Angalia tofauti. Kwenye miezi, pai inaingia mara mbili na kujifuta. Kwenye kona zetu inaingia mara moja tu: 196 − 49π, na hakuna cha kuifuta. Mwaka 1882 Mjerumani Ferdinand von Lindemann alithibitisha kwamba pai haitokani na mlinganyo wowote wa namba nzima, na hapo ikafungwa rasmi: kwa rula na bikari huwezi kuligeuza duara kuwa mraba, na kwa sababu hiyohiyo kona hizi nazo haziwezekani.

Maana yake kwa swali la mpwa wangu ni hii: jibu kamili ni 196 − 49π. Ukitaka liwe namba, lazima mtu akupe pai ya kutumia. Ndiyo sababu karatasi inasema "tumia 22/7".

Arkimedi: 42 ilikotoka

Arkimedi wa Sirakusa aliuawa mwaka 212 KK mji wake ulipotekwa na Warumi. Katika kitabu chake kidogo kuhusu kipimo cha duara kuna kauli tatu tu. Ya pili inasema hivi, kwa maneno yetu: eneo la duara kwa mraba wa kipenyo chake ni kama 11 kwa 14.

Mraba wa kipenyo ndio mraba unaolizunguka duara. Hilo ni swali letu lenyewe! Mraba ukiugawa vipande 14, duara linachukua 11 na kona zinachukua 3. Mraba wa 196 ugawe kwa 14, kila kipande ni 14. Duara ni 11 × 14 = 154, kona ni 3 × 14 = 42.

Kumbe ndiyo maana vitabu vyetu vinapenda nusu kipenyo cha 7, 14 na 21. Namba 22/7 ina 7 chini, kwa hiyo nusu kipenyo kinachogawanyika kwa 7 kinafuta sehemu na kuacha namba nzima. Ni busara ileile ya Wababeli kuchagua 60.

Lakini Arkimedi hakusema kwamba pai ni 22/7. Katika kauli ya tatu alionyesha anakoitoa. Alianza na umbo la pande sita ndani ya duara na jingine nje yake, akaziongeza pande mara mbili mara mbili: 12, 24, 48, hadi 96. Mzingo wa duara lazima uwe kati ya mzingo wa umbo la ndani na wa umbo la nje. Alichopata ni kwamba pai ni kubwa kuliko 223/71 na ni ndogo kuliko 22/7. Kwa hiyo 22/7 kwake ulikuwa ukuta wa juu. Kauli ya pili, ile ya 11 kwa 14, inategemea hii ya tatu ingawa imetangulia, na wanahistoria wanaamini kitabu kilivurugwa kidogo na wanakili.

Sasa chukua kuta zake mbili uzilete kwenye kona. Ukitumia 22/7, duara ni 154, na hilo ni kubwa kuliko la kweli, kwa hiyo kona za kweli lazima zizidi 42. Ukitumia 223/71, duara ni 153.90, ambalo ni dogo kuliko la kweli, kwa hiyo kona lazima zisifike 42.10. Arkimedi mwenyewe, bila kalkuleta, anakuambia kwamba kona za mraba wa 14 ziko kati ya 42 na 42.10, na kwamba 42 kamili siyo.

Na 42.06 ya mpwa wangu iko palepale katikati.

Nilichomwambia

Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, mwalimu hakukosea. Swali lilisema tumia 22/7, na ukipewa pai ya kutumia, hiyo ndiyo sehemu ya swali. Jibu la swali hilo ni 42.

La pili, yeye naye hakupima vibaya. Tofauti yake na 42 ni 0.06, na hiyo ni tofauti ya kweli kati ya ukuta wa Arkimedi na duara lenyewe. Kwa kona, hilo ni kosa la asilimia 0.15 hivi. Nikamwonyesha pia kwamba wanaodhani 3.14 ni sahihi kuliko 22/7 wamekosea: ukitumia 3.14 unapata kona za 42.14, mbali zaidi na 42.06 kuliko ilivyo 42.

Alifikiri kidogo. Halafu akachukua kalamu, akaandika chini ya ule mkasi mwekundu: 196 − 49π.

"Hii je, Mjomba? Hii wataikataa?"

Nikamwambia kwenye mtihani wa 22/7 wataikataa. Akaifunga daftari, akasema basi ataandika zote mbili.